Faili la PST likivimba hadi kuharibika: kuokoa barua za Outlook, kisha kuzigawa kwa miaka

Asubuhi moja nilipigiwa simu na mhasibu wa kampuni inayotoa mizigo bandarini Mombasa. Usiku umeme ulikuwa umekatika akiwa ameiacha kompyuta wazi, na sasa Outlook ilikuwa inakataa kufunguka. Kwenye kioo kulikuwa na maneno "Errors have been detected in the file", kisha jina la faili. "Mwanangu," akaniambia, "humo ndimo yalimo maisha ya ofisi hii tangu 2015." Nilipolitazama faili lile lilikuwa na GB 44.

Ofisi nyingi zetu zinapokea barua kwa njia ya POP. Seva ya kukodi ina nafasi ndogo, basi Outlook huzishusha barua zote na kuzifuta kule, na nakala pekee iliyobaki duniani ni faili moja lenye mkia wa .pst ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Faili hilo hukua mwaka hadi mwaka bila mtu kuliangalia, hadi siku linapogoma. Nitaeleza nilivyolishughulikia la yule mama, hatua kwa hatua. Maelezo haya ni ya Outlook ya kawaida ya mezani kwenye Windows.

Hatua ya 1: Acha kuifungua

Kila Outlook inapojaribu kufunguka huandika kitu ndani ya faili, hata kama hujasoma barua yoyote. Faili lililokwisha kupotoka linaandikiwa juu ya upotofu huohuo. Ifunge, kisha fungua Task Manager uhakikishe kwamba OUTLOOK.EXE haimo tena kwenye orodha. Usihofie barua mpya. Zinasubiri kwenye seva, na mwenye haraka anaweza kuzisoma kwa kivinjari.

Hatua ya 2: Jua faili lako ni la aina gani na liko wapi

Kwa kuwa Outlook haifunguki, pitia Control Panel, chagua Mail, kisha Data Files. Hapo utaona jina la faili na folda lilimo. Kama mkia wake ni .ost, shukuru: hilo ni kivuli tu cha barua zilizoko kwenye seva. Libadilishe jina, fungua Outlook, nayo itajenga jingine kwa kuzishusha barua upya. Ila hakikisha kwanza kwa kivinjari kwamba barua kweli zipo kwenye seva, na kumbuka kwamba folda zilizoandikwa "This computer only" haziko huko.

Mkia ukiwa .pst, kazi ndiyo inaanza. Kuna PST za kizazi cha zamani, za Outlook 97 hadi 2002, ambazo haziwezi kuvuka GB 2 kwa vyovyote, na za kizazi kipya kilichoanza na Outlook 2003. Hizi za pili ziliwekewa ukomo wa GB 20, na kuanzia Outlook 2010 ukawa GB 50. Ofisi kongwe bado huwa na faili la zamani lililohamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, na lenyewe likifika GB 2 huvunjika hata umeme usipokatika. Kulitambua, soma baiti 12 za mwanzo kwa PowerShell iliyokuja na Windows:

```
Get-Content "D:\Barua\ofisi.pst" -Encoding Byte -TotalCount 12
```

Namba nne za kwanza lazima ziwe 33, 66, 68, 78. Zikiwa nyingine, au zote sifuri, mwanzo wa faili umefutika na vifaa vya kawaida havitalitambua kabisa. Namba ya 11 ndiyo inayotaja kizazi: 14 au 15 ni la zamani, 23 ni jipya. La yule mama lilisoma 23, nikajua ukomo wa GB 2 haukuwa tatizo letu.

Hatua ya 3: Nakili kwanza, karabati baadaye

Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kulikowapotezea watu barua nyingi kuliko umeme wenyewe. Kifaa cha ukarabati hubadilisha faili lenyewe. Likibadilishwa vibaya na huna nakala, hakuna pa kurudi.

Piga hesabu ya nafasi kabla ya kuanza. Faili lilikuwa GB 44. Kifaa cha ukarabati hutengeneza nakala yake chenyewe yenye mkia wa .bak, GB 44 nyingine. Barua zikihamishiwa mafaili mapya, hizo nazo zitaomba karibu hivyo hivyo. Jumla ni kama GB 132, na kompyuta ya mhasibu ilikuwa imebakiwa na GB 30 tu. Nafasi ikiisha katikati ya ukarabati unapata faili bovu zaidi ya lile la mwanzo. Kwa hiyo nililipeleka kwenye kompyuta nyingine ya mezani yenye nafasi ya GB 500.

Kwa kulisafirisha, flashi nyingi tunazonunua dukani zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili lolote la GB 4 au zaidi, hata flashi yenyewe ikiwa ya GB 128. Tumia diski ya nje iliyoandaliwa kwa NTFS au exFAT. Amri ninayoitumia ni hii:

```
robocopy "D:\Barua" "E:\Nakala" ofisi.pst /J /R:1 /W:1
```

Sehemu ya `/J` inafaa mafaili makubwa. Mbili za mwisho zinaiambia irudie mara moja tu ikikwama, isikae ikijaribu usiku kucha.

Uangalie kwa makini unakili huo, kwani nao ni kipimo. Ukipita salama, diski ni nzima na ugonjwa umo ndani ya faili. Ukisimama katikati na maneno "Data error (cyclic redundancy check)", diski yenyewe inakufa, na mambo yanabadilika kabisa. Usiendeshe `chkdsk` wala kifaa kingine chochote kwenye diski hiyo. Itoe, iunganishe na kompyuta yenye Linux, uivute diski nzima kwa `ddrescue`, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia mbovu baadaye. PST utaikarabati ukishaitoa kwenye diski hiyo.

Hatua ya 4: SCANPST

Microsoft huweka kifaa cha ukarabati ndani ya Outlook yenyewe, ila wamekificha mbali na menyu. Kwa Outlook 2016 na zilizofuata, kitafute hapa, au ndani ya `Program Files (x86)` kama Office yako ni ya biti 32:

```
C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16\SCANPST.EXE
```

Inafaa kujua kinafanya nini, ili usitarajie kisichowezekana. Ndani ya PST barua hazikupangwa moja baada ya nyingine kama kurasa za kitabu. Kila kitu kimekatwakatwa vipande visivyozidi baiti 8,192, kwa hiyo kiambatisho cha MB 5 kimekaa katika vipande zaidi ya 640, vimetawanyika popote palipopatikana nafasi. Orodha mbili zenye umbo la mti zinakumbuka kila barua ni ipi na kila kipande kiko wapi. Kuna pia ramani inayoonyesha nafasi zilizokaliwa na zilizo wazi. Umeme ukikatika wakati kipande kimeshaandikwa lakini orodha haijasahihishwa, faili linabaki na barua isiyo na anwani, au anwani isiyo na barua. Faili likiwa la GB 2 na likiwa la GB 44 hatari ni ileile, isipokuwa kwa lile kubwa Outlook inatumia muda mrefu zaidi ikiandika, na kosa moja linagusa miaka mingi zaidi.

SCANPST hupita faili lote kwa awamu 8, huhakiki vipande, kisha hujenga upya orodha na ramani. Kila kipande kina hesabu ya uhakiki iliyoandikwa pamoja nacho. Hesabu isipolingana, kipande hicho kimekwenda, na barua iliyokitegemea hupungua au hutupwa. Kifaa hiki kinanyoosha mpangilio. Maneno yaliyofutika hakiyarudishi, wala barua ulizozifuta mwenyewe.

Chagua nakala yako, bonyeza Start. Kikimaliza kutazama kitasema kimeona makosa. Acha alama kwenye "Make backup of scanned file before repairing", kisha bonyeza Repair. Usikiendeshe juu ya diski ya nje. Ni polepole, na waya ukiguswa kidogo umeharibu kazi. Kwa faili kubwa dirisha huganda na kuandika "Not Responding" kwa muda mrefu. Liache. Njia ya kujua kama kingali hai ni kutazama kwenye Task Manager kama diski inasomwa.

Rudia. Mara moja haitoshi, kwa sababu orodha ikishajengwa upya, makosa yaliyokuwa yamejificha nyuma yake ndipo yanapoonekana. Kwa faili la Mombasa mzunguko wa kwanza ulichukua karibu saa tano, wa pili saa tatu, wa tatu ukaleta makosa madogo tu, na wa nne ukasema hakuna kosa. Soma faili la kumbukumbu lenye mkia wa .log linaloachwa pembeni. Idadi ya makosa ikishuka kila mara, endelea. Ikibaki ileile kwa mizunguko mitatu, kifaa kimefika mwisho wa uwezo wake.

Baada ya hapo fungua Outlook na uliongeze faili lililokarabatiwa kupitia File, Open & Export, Open Outlook Data File. Huenda ukaona folda mpya mbili: "Recovered Personal Folders" na "Lost and Found". Hii ya pili ina barua zilizopatikana bila kujulikana zilikuwa folda gani. Sisi tulikuta 212 humo, nyingi zikiwa ankara na hati za forodha. Mhasibu alikaa nazo mchana mzima akizirudisha mahali pake, kwa sababu yeye ndiye aliyejua ipi ni ya mteja gani; mimi kama fundi ningezipanga vibaya.

SCANPST ikishindwa

Kama hata mizunguko mingi haisaidii, kuna njia isiyotegemea Outlook. Kwenye Linux ya Ubuntu kuna programu huria iitwayo `readpst`, inayosoma faili bila kulibadilisha na kutoa barua kwa muundo wa mbox:

```
sudo apt install pst-utils
readpst -r -o /data/barua ofisi.pst
```

Folda ya kupokelea iandae kwanza. Barua hizo utazisoma kwa Thunderbird. Utapoteza baadhi ya mambo ya Outlook, mathalani rangi za makundi, lakini maandishi na viambatisho vinavyosomeka vitatoka.

Kwa faili la kizazi cha zamani lililogonga GB 2, Microsoft walitoa kifaa cha kulikata mkia, PST2GB. Kinatupa sehemu ya mwisho ya faili ili SCANPST iweze kulifungua. Kilichokatwa hakirudi, na huwezi kuchagua ni barua zipi zilimo kwenye mkia huo. Kata kidogo, MB 20 au 25, karabati, kisha hamishia barua zote kwenye faili la kizazi kipya siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kugawa kwa miaka

Faili lililokarabatiwa si la kuendelea kuishi nalo. Limefunguka, lakini bado ni GB 44, na umeme bado utakatika. Wahudumu wa masjala wanajua kwamba jalada likinenepa linafungwa na kufunguliwa juzuu jipya. Ndivyo tunavyofanya hapa.

Ndani ya Outlook nenda File, Tools, Clean Up Old Items. Chagua folda ya juu kabisa ya faili lililokarabatiwa, pamoja na folda ndogo zake. Weka tarehe kwenye "Archive items older than", na chini yake andika jina la faili la kupokelea. Anza na mwaka wa mbali: tarehe 1 Januari 2017, jina `hifadhi-2015-2016.pst`. Ikimaliza, 1 Januari 2018 na jina `hifadhi-2017.pst`, na kuendelea hivyo. Barua zinahamishwa, hazinakiliwi, ndiyo maana tunafanya kazi hii juu ya nakala.

Hapa kuna mtego uliowahi kunila siku nzima. Unaweka tarehe, unabonyeza, na hakuna kinachohama, ingawa folda imejaa barua za 2016. Sababu ni kwamba Outlook haitazami tarehe ya kupokelewa pekee. Hutazama pia tarehe ya mwisho barua ilipobadilishwa, na huifuata iliyo karibu zaidi. Barua ya 2016 iliyohamishwa folda jana, au iliyoingizwa kutoka faili jingine, kwake ni barua ya jana. Baada ya ukarabati na upangaji wa "Lost and Found", barua za namna hiyo ni nyingi. Kuanzia Outlook 2010 unaweza kuiamuru iipuuze tarehe ya mabadiliko:

```
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Preferences" /v ArchiveIgnoreLastModifiedTime /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Funga Outlook, ifungue tena, rudia. Kama bado kuna zinazogoma, weka alama kwenye "Include items with 'Do not AutoArchive' checked".

Miaka yote ikishatoka, faili la zamani litaendelea kuonyesha GB 44. Hapo mhasibu alishtuka, akadhani hakuna kilichohama. Nafasi za barua zilizoondoka zimebaki humo kama mashimo, zikisubiri barua mpya. Unaweza kuyafunga kwa Account Settings, Data Files, Settings, kisha Compact Now, lakini kwa faili lenye mashimo ya GB 38 hiyo ni kazi ya saa nyingi, na unaifanyia faili lililokwisha kuumwa. Mimi napendelea kufungua PST mpya, kuziburuta barua za mwaka huu na wa jana ndani yake, kisha kulifanya kuwa faili kuu kwa Set as Default. Likiandikwa upya linatoka limebana lenyewe. Letu lilitoka na GB 5.6.

Hatua ya 6: Kulitunza

Mafaili ya hifadhi yafunge baada ya kuyatengeneza: bonyeza jina kwa kitufe cha kulia, chagua Close. Lililofungwa haliguswi na umeme ukikatika. Kisha yaweke kwenye diski mbili tofauti na uchukue alama yake kwa `Get-FileHash`, uiandike. Jambo la kuzingatia ni kwamba Outlook hubadilisha PST kwa kuifungua tu, hivyo alama haitalingana tena na la kusomea. Weka nakala moja isiyofunguliwa kamwe, na nyingine ya kutafutia barua. Pia Outlook haikubali PST lililo mahali pasipoandikika, kama DVD; linakili kwanza kwenye kompyuta.

PST inayotumika usiiweke kwenye folda ya mtandao wa ofisi wala ndani ya OneDrive. Outlook inaandika vipande vidogo vidogo kila mara, na mtandao ukikatika kwa sekunde moja matokeo ni yaleyale ya umeme kukatika. Microsoft wenyewe hawaungi mkono kuiweka kwenye mtandao.

Kuna watakaokuonyesha namna ya kupandisha ukomo wa GB 50 kwa kubadilisha `MaxLargeFileSize` kwenye rejista. Inawezekana, nami nakataa kuwafanyia wateja. Mimi naweka kipimo cha GB 10: faili kuu likikaribia hapo, mwaka mmoja unatoka. Kwa ukubwa huo SCANPST humaliza kabla ya chakula cha mchana, na nakala inachukua dakika chache.

Kwa akaunti ya POP, ingia kwenye mipangilio yake ukaweke alama kwenye "Leave a copy of messages on the server", na siku za kufuta zilingane na nafasi uliyokodi. Hata siku 30 zinatosha kukupa pa kurudia faili likianguka leo. Na kompyuta ya mezani yenye barua za ofisi nzima iwekewe betri ya dharura; dakika 10 zinatosha kuifunga Outlook kwa utaratibu.

Faili la awali lililoharibika, lile la GB 44 kama tulivyolikuta, usilifute ofisi ikianza kufanya kazi. Tuliliweka kwenye diski ya nje hadi ukaguzi wa mwisho wa mwaka. Mwezi wa tatu baada ya ukarabati mhasibu alikuta hati moja ya 2018 haina kiambatisho chake. Nikaliendesha lile la awali kwa `readpst`, kiambatisho kikatoka kizima.